Tangu Mvua ya Mwisho

Mwishoni mwa Novemba vumbi la Dodoma huingia mpaka katikati ya kurasa za daftari. Huku kwetu mvua ina msimu mmoja: huanza Desemba, huondoka Aprili, kisha anga hufunga na kila kitu hungoja. Siku ninayotaka kuieleza nilikuwa mbele ya kidato cha tatu, madirisha wazi, upepo ukigongagonga bati, nikaandika ubaoni sentensi ambayo kila aliyekuwemo darasani aliijua kwa ngozi ya midomo yake:

"The last time it rained here was seven months ago."

Yaani, mara ya mwisho mvua kunyesha hapa ilikuwa miezi saba iliyopita. Chini yake nikaweka agizo kama yale ya mtihani wa taifa: andika upya sentensi hii bila kubadili maana, uanze na "It is".

Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na kila nikifika hapa hupunguza mwendo. Mwanafunzi huona zoezi la maksi mbili. Mimi huona jambo ambalo Mwenyezi Mungu amemjalia binadamu nalo halikomi kunishangaza: kusimama leo, kushika kwa mkono kitu kilichokwisha kupita, na kupima umbali wa kutoka hapo mpaka hapa. Mbuyu ulio nje ya darasa letu umeishi vipindi vya kiangazi vingi kuliko sisi sote, nao hauwezi kusema ni miezi mingapi tangu tone la mwisho. Mtoto wa miaka kumi na sita anaweza, tena kwa njia nne tofauti, na zote zikabeba maana ile ile.

Majibu yalikuja. Wengi wa mstari wa mbele waliandika hivi:

"It is seven months since it last rained here."

Hilo ni sahihi. Binti mmoja aliyeketi karibu na mlango, mwenye bidii na mwandiko mzuri, aliandika hivi:

"It is seven months since it has not rained here."

Na kijana wa nyuma, ambaye aliona afadhali aanze na maneno yake mwenyewe, aliandika:

"It has not rained here since seven months."

Sikuyafuta makosa hayo mawili upesi. Kosa la mwanafunzi mwenye akili mara nyingi ni lugha yake ya nyumbani inayosema kweli ndani ya nguo ya mgeni, na mwalimu akiwa na haraka huikosa kweli hiyo. Nilimwita binti aje ubaoni.

"Mwanangu, nyumbani ungemwambiaje mama yako jambo hili?"

Akafikiri kidogo. "Ningesema, mwezi wa saba huu mvua haijanyesha, Mwalimu."

Hapo ndipo palipo mzizi wa kosa lake. Kiswahili huhesabu miezi ya kukosa. Mwezi wa saba huu haijanyesha. Mwaka wa tatu huu sijamwona. Siku ya pili leo hajala. Tunaitaja idadi, kisha tunakiweka kikanushi, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu tunahesabu ukosefu wenyewe kama mtu anayehesabu mashimo yaliyo barabarani. Binti aliichukua hesabu hiyo nzima, akaivusha mpaka upande wa pili, akaiweka nyuma ya "since". Lakini neno hilo la Kiingereza halihesabu mashimo. Linataka kitu kilichotokea.

Nimetafuta mfano unaolifafanua kwa watoto wa huku, na bora nilioupata ni mbuzi aliyefungwa kamba. Asubuhi mtu huchimbia kigingi ardhini, humfunga mbuzi, humwacha ale. Kigingi kimechimbiwa na hakisogei. Mbuzi yuko hai, yupo sasa, anasogea. Kati yao kuna kamba, nayo ina urefu. Katika sentensi zetu, kigingi ni tukio la zamani, nalo husemwa kwa wakati uliopita: "it last rained", ilinyesha mara ya mwisho. Mbuzi ni hali ya sasa, nayo husemwa kwa hali timilifu: "it has not rained", haijanyesha. Urefu wa kamba ni miezi saba.

Ukimwangalia mbuzi na kigingi chake, unatumia "since": "It has not rained here since April." Ukimwangalia mbuzi na urefu wa kamba tu, bila kujali kigingi kiko wapi, unatumia "for": "It has not rained here for seven months." Ukiamua kuipima kamba yenyewe, ndipo unapoanza na "It is": "It is seven months since it last rained here." Sentensi hii ya tatu ndiyo iliyokuwa inatafutwa ubaoni. Ndani yake mbuzi hatajwi kabisa. Urefu umetajwa, kigingi kimetajwa, basi. Anayesikia anajua mwenyewe kwamba kwenye ncha ya pili ya kamba pana sisi, leo, na midomo iliyopasuka.

Ndiyo maana kikanushi hakiwezi kukaa baada ya "since". Kutonyesha hakukutokea siku fulani. Huwezi kuchimbia ukosefu ardhini ukaufungia kamba. Niliwapa wanafunzi njia ya kujipima wenyewe, nayo haijawahi kuniangusha: funika kwa kidole kila kilicho kabla ya "since", na neno lenyewe, kisha soma kilichobaki na uulize, hili lilitokea lini? "It last rained here." Lilitokea lini? Aprili. Vizuri. Sasa funika sentensi ya binti. "It has not rained here." Lilitokea lini? Darasa lilikaa kimya. Binti mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeona, akachukua chaki bila kuambiwa.

Kosa la kijana wa nyuma ni jamaa ya hilo. Yeye aliweka urefu wa kamba mahali pa kigingi. Kiswahili kilimsukuma hapo pia, maana sisi husema "tangu miezi saba iliyopita" na maneno hayo ni kigingi halali: miezi saba iliyopita ni mahali fulani katika wakati. Kijana aliliacha neno "iliyopita" njiani, akabaki na miezi saba mitupu. Wala hayuko peke yake duniani. Mjerumani ana neno lake "seit" na Mfaransa ana "depuis", na kila moja hutumika kwa kigingi na kwa urefu pia, kwa hiyo mtoto wa Berlin na mtoto wa Paris huandika "since seven months" kama kijana wetu wa Dodoma. Huwaambia wanafunzi jambo hili makusudi. Mtoto akijua kwamba kosa lake linafanyika pia ng'ambo ya bahari, huliona kama alama ya njia ambayo akili za watu wengi zimepita.

Ili mfano wa mvua ukamilike, nimalizie njia ya nne. Agizo likiwa "tumia ago", jibu ni hili:

"It last rained here seven months ago."

Hapa hakuna hali timilifu kabisa. Neno "ago" asili yake ni kitenzi cha kale kilichomaanisha kupita, kwenda zake. Kwa hiyo Mwingereza akisema "seven months ago" anasema, kama ukichimba mpaka chini, miezi saba iliyokwenda. Sisi tunasema miezi saba iliyopita. Watu wawili ambao mababu zao hawakuwahi kuonana walimtazama Wakati na wote wawili wakamwona anatembea. "Since" nayo ina historia ya namna hiyo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita ilikuwa neno refu zaidi, lililotamkwa karibu na "siththan", likimaanisha baada ya hapo. Vinywa vya vizazi vimelipunguza mpaka likawa silabi moja, lakini "hapo" bado imo ndani yake. Ndiyo sababu linadai mahali pa kusimama.

Katika mtihani wa Kembriji wa daraja la B2 mwanafunzi hupewa neno ambalo hairuhusiwi kulibadili, na nafasi ya maneno mawili mpaka matano. Neno likiwa SINCE na sentensi ya pili ikianza na "It" na kumalizika na "it last rained here", jibu "is seven months since" ni maneno manne, na "has been seven months since" ni matano. Yote mawili yanapokelewa. Waingereza wamezoea la kwanza, Wamarekani la pili, na tofauti ya maana haipo. Mwanafunzi asihangaike nalo zaidi ya hapo.

Lakini kuna mahali ambapo kuhangaika kunafaa, na napenda tukae hapo.

Juma lililofuata niliandika ubaoni sentensi nyingine: "She has lived in Dodoma for three years." Ameishi Dodoma miaka mitatu. Agizo likawa lile lile, anza na "It is". Sasa darasa lilikuwa limeshika somo: baada ya "since" weka wakati uliopita. Basi karibu wote, kwa imani kabisa, waliandika:

"It is three years since she lived in Dodoma."

Kila neno hapo ni la Kiingereza safi. Kitenzi kiko katika wakati uliopita kama walivyofundishwa. Na maana imegeuka juu chini. Sentensi hiyo inasema kwamba mwanamke huyo haishi tena Dodoma. Alihama, na tangu ahame imetimia miaka mitatu. Yule wa kwanza yumo humu mjini, huenda kesho asubuhi utamkuta sokoni Majengo akichagua nyanya. Huyu wa pili ameshakwenda.

Kisa chake nini? Kigingi. Kitendo kama kunyesha mara ya mwisho, kufika, kuondoka, kuoa, kufa, ni nukta. Kinachimbiwa mahali pamoja. Kuishi ni shamba zima. Ukimwambia Mwingereza afunge kamba kwenye shamba, hufunga kwenye mpaka ulio karibu naye, yaani pale shamba linapoishia. Wakati uliopita tayari umemwambia kwamba shamba lina mwisho. Kwa hiyo huhesabu kuanzia mwisho. Ndivyo ilivyo kwa "It is ten years since he smoked": miaka kumi imepita tangu aache sigara, na wala si kwamba amevuta miaka kumi. Ndivyo ilivyo kwa kufanya kazi, kulala, kujua, kupenda, na kila kitenzi chenye upana.

Dawa ni kutafuta mlango wa kuingilia shambani. Kuishi kulianza kwa kuja. Kufanya kazi kulianza kwa kuanza. Kumjua mtu kulianza kwa kukutana naye. Ukiupata mlango, umepata kigingi:

"It is three years since she came to live in Dodoma."

Au "since she started living", au "since she moved". Maana imerudi, mwanamke yuko sokoni tena.

Njia hii hupitika pia kutoka upande wa pili, na upande huo ndio ulionifundisha upole. Kijana mmoja alipewa sentensi "It is ten years since my grandfather died", abadilishe aanze na "My grandfather has". Akaandika "My grandfather has died for ten years." Ukiisoma kwa sikio la Kiingereza inatisha kidogo: ni kama babu amekuwa akikata roho kwa miaka kumi mfululizo. Kufa ni nukta, na nukta haina urefu wa kuwekewa "for". Kinachodumu ni kuwa maiti, kuwa marehemu, nalo Kiingereza husema hivi:

"My grandfather has been dead for ten years."

Nilitaka kumweleza kosa lake kwa upesi, lakini nikamwuliza kwanza kama babu yake kweli amefariki. Akasema ndiyo, amefariki miaka kumi sasa. Nikasikia vizuri alivyolisema: amefariki miaka kumi sasa. Katika Kiswahili sentensi hiyo imekaa sawasawa. Kiambishi chetu cha -me- hakikomei kwenye tukio, hukaa na kile kilichobaki baada yake. Amelala: alijilaza na bado yuko usingizini. Amevaa kanzu: aliivaa, na sasa imo mwilini. Ameketi, amechoka, amenyamaza. Amefariki: aliondoka, na kuondoka kwake kungali kunaendelea kuwepo nyumbani. Mwingereza ilimbidi aachane na kitenzi cha kufa, atafute neno la kuitaja hali, "dead", ndipo aweze kuipimia miaka. Mswahili huenda na kitenzi kimoja tu.

Wanaochunguza historia ya lugha yetu wanasema -me- ni mabaki ya kitenzi kumala, ambacho bado kinasikika ndani ya kumaliza, na kwamba -li- ya wakati uliopita ni kile kitenzi cha kuwa tunachokisikia katika "nilipo" na "aliye". Nacho Kiingereza, kilipotaka kujenga hali timilifu, kilichukua "have", yaani kuwa na. Zamani zao waliweza kusema kitu kama "ninayo barua ikiwa imeandikwa", wakimaanisha barua iko mkononi, wino umekauka. Taratibu mkono ukasahauliwa na barua ikasahauliwa, ikabaki "I have written". Mmoja alijenga hali timilifu kwa kumaliza, mwingine kwa kumiliki. Hakuna aliyekaa kikao cha kuamua. Watu walikuwa wanauza mbuzi, wanaoza mabinti, wanazika wazee, na katika kusema hayo kila siku, chombo cha kupimia wakati kikachongeka chenyewe vinywani mwao. Nikiwaza hayo nashindwa kuyaita bahati. Namshukuru aliyetupa ndimi, na aliyezitofautisha.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kwa haraka, na baadhi ya walimu wenzangu hulikataa kabisa. Kanuni tuliyokaririshwa ni kwamba baada ya "since" huja wakati uliopita, na kabla yake hali timilifu. Kwa mtihani kanuni hiyo inatosha. Lakini si lugha yote. Sikilizeni sentensi hizi mbili kwa makini:

"I have planted nine trees since I lived here."

"I have planted nine trees since I have lived here."

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu mkononi ataipigia mstari ile ya pili kwa kuwa ina hali timilifu pande zote mbili. Asifanye hivyo. Ya pili ni Kiingereza kizuri, na inasema kweli: naishi hapa, bado naishi hapa, na katika muda huo wote ambao haujafungwa nimepanda miti tisa. Ya kwanza inasema niliwahi kuishi hapa, nikahama, na miti tisa nimeipanda baada ya kuhama, labda Morogoro, labda Iringa. Miti ni ile ile tisa, lakini imehama mkoa kwa sababu ya neno moja dogo.

Maana yake ni kwamba "since" inaweza kufungwa kwenye shamba lenyewe, ilimradi shamba hilo bado liko wazi na aliyesema bado amesimama ndani yake. Hali timilifu ndiyo inayotangaza kwamba liko wazi. Hapo kamba hufungwa kwenye mpaka wa kuingilia, kwa kuwa mpaka wa kutokea haujawekwa. Vivyo hivyo "since I have been ill" ni maneno ya mgonjwa aliye kitandani, na "since I was ill" ni maneno ya aliyepona. "She has never lied to me since I have known her": hajanidanganya kamwe tangu nimfahamu, na bado tunafahamiana.

Kiswahili cha kila siku kina mwendo unaokaribiana na huo. Mtu husema "tangu niko hapa sijaugua malaria," na kila mmoja anajua kwamba bado yuko hapa. Akisema "tangu nilipokuwa pale", tayari ametoka. Hatufundishwi hilo darasani, tunazaliwa nalo.

Mipaka yake ni hii. Mwendo huo unafaa kwa vitenzi vyenye upana tu: kuishi, kuwa, kujua, kufanya kazi. Ukiupeleka kwenye nukta, kwa mfano "since he has left", msikilizaji ataelekea kusikia maana nyingine kabisa ya neno hilo, ile ya "kwa kuwa": kwa kuwa ameondoka, tufunge mlango. Pia utawasikia Waingereza wenyewe katika mazungumzo wakisema "it's years since I've seen her", ni miaka tangu nimwone, na hawakosei kwa mazungumzo. Lakini katika karatasi ya mtihani andika "since I saw her" au "since I last saw her", na katika kubadili "has lived" au "has worked" tafuta mlango wa kuingilia, "came", "started", "moved". Msahihishaji hatakuwa na la kuuliza.

Nirudi kwenye ubao wetu. Ile sentensi ya mvua yenye "since" niliacha isifutwe. Darasa letu lina ubao mrefu, na kona ya kushoto huwa naachia maneno ninayotaka yaonekane siku nyingi. Kila asubuhi mtu mmoja, sijui nani, alikuwa akiirekebisha: "seven months" ikawa "seven months and three days", kisha "and four", kisha "and eight". Sehemu iliyo baada ya "since" hawakuigusa. Hawakuhitaji. Kigingi hakisogei, kamba ndiyo inayorefuka.

Katika siku hizo binti wa karibu na mlango alinifuata baada ya kipindi na swali ambalo sikuwa nimelifundisha. Aliuliza kwa nini Kiswahili kinasema "haijanyesha" na wala hakisemi "haikunyesha", ilhali vyote viwili vinasema hakuna mvua. Nikamwambia aitamke tena, polepole. Haijanyesha. Ile -ja- ina "bado" ndani yake. Anayesema "haikunyesha" ameshafunga hesabu ya msimu. Anayesema "haijanyesha" anaangalia upande wa mashariki. Kiingereza kikitaka kulisema hilo hulazimika kuongeza neno jingine mwishoni, "yet". Sisi tumepewa tumaini likiwa silabi moja katikati ya kitenzi, na tunalitamka mara kumi kwa siku bila kujua kwamba tunalitamka.

Wiki ya kwanza ya Desemba, baada ya saa nane mchana, mwanga wa darasani ulibadilika rangi. Kwanza ilikuja harufu, ile ya udongo ulioguswa kwa mbali. Kisha bati likaanza, tone moja, matatu, halafu hatukuweza tena kusikilizana. Sikuwazuia waliotoka. Waliobaki walikuwa wamesimama madirishani, na mmoja wao alinyoosha mkono nje, akaurudisha umelowa, akaenda nao ubaoni.

Sentensi ya kona ya kushoto ilikuwa imekufa pale pale. "It is seven months since it last rained here" haikuwa kweli tena, wala "It has not rained here since April", wala "for seven months". Kila sentensi iliyoishikilia leo kwa kamba ilikatika na tone la kwanza. Lakini niliwaonyesha jambo moja kabla hawajafuta. Kama ningekuwa nimeandika tu "It rained here in April", bila "last", bila "since", sentensi hiyo ingebaki pale na mvua isingeweza kuidhuru. Ilinyesha Aprili. Itakuwa ilinyesha Aprili hata sisi sote tukiwa hatupo.

Kijana wa mkono uliolowa alifuta kona nzima kwa kiganja, chaki ikawa tope jeupe, akaandika kwa herufi kubwa, akipaza sauti ili asikike juu ya bati:

"It has rained."

Imenyesha. Nikamwuliza, lini? Akasema, "Sasa, Mwalimu," na akarudi dirishani.